Jibu makato ya dipoziti moja baada ya jingine

Nilipohama nyumba ya vyumba viwili jijini Nairobi baada ya kuishi hapo miaka mitatu, ajenti alinitumia ujumbe wa wasap. Nilikuwa nimeweka dipoziti ya shilingi 22,000, na ya maji 2,000. Kati ya hizo 24,000, aliandika, ningerudishiwa 1,050. Makato yalikuwa haya: rangi 14,000, usafi 2,500, sinki ya bafuni iliyopasuka 3,500, kitasa 1,800 na bili ya maji 1,150.

Wapangaji wengi hapo hujibu kwa hasira: "Nirudishieni pesa zangu zote!" Barua ya namna hiyo haimbani mtu, kwa sababu haigusi hata kato moja. Ajenti anajua kwamba usipobishia kitu kwa jina, ni kama umekikubali.

Kabla ya kuandika, soma mkataba, hasa pale panapoeleza nyumba irudishwe katika hali gani. Wangu ulitaka irudishwe kama nilivyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Kama wako unasema waziwazi kwamba mpangaji atapaka rangi akihama, hoja yangu ya rangi haitakufaa. Wewe bishania bei na udai risiti.

Barua niliielekeza kwa mwenye nyumba aliyetajwa kwenye mkataba, nakala kwa ajenti, ili wasirushiane mpira kuhusu nani anashika pesa. Nilianza na yale niliyoyakubali. Bili ya maji ilikuwa yangu, maana usomaji wa mita ulilingana na picha niliyopiga siku ya kutoka. Kukubali deni la kweli mapema humfanya msomaji aamini unapokataa mengine.

Rangi ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya barua, kwa sababu ndiyo iliyokula pesa. Niliandika hivi:

"Rangi, 14,000: Nakataa, isipokuwa 1,500. Nyumba ilipakwa rangi kabla sijaingia, miaka mitatu iliyopita. Kufifia kwa rangi na alama nyepesi nyuma ya viti ni uchakavu wa kawaida, ambao mkataba unauondoa kwangu. Nakubali matundu manne ya skrubu za televisheni kwenye ukuta mmoja wa sebule. Fundi amenipa bei ya kuyaziba na kupaka ukuta huo, 1,500, na karatasi yake nimeiambatisha. Kama kuna ukuta mwingine niliouharibu, naomba picha yake na risiti ya kazi."

Ona kwamba sikusema tu "si haki". Nilitenganisha uharibifu na uchakavu, nikautaja ukuta wenyewe, nikaupa bei. Na hata uharibifu ukiwa wa kweli, mwenye nyumba anastahili kufidiwa alichopoteza. Hastahili rangi mpya nyumba nzima kwa pesa zako, wakati ile ya zamani ilikuwa imeshatumika miaka mitatu.

Mengine yalikuwa mafupi. Sinki ilikuwa na ufa nilipoingia, na ujumbe niliomtumia keateka wiki hiyo, pamoja na picha, bado upo. Niliuchapisha nikauandika "Kiambatisho 2". Kuhusu kitasa, funguo zote mbili nilizikabidhi, na keateka alijibu "nimepata zote". Usafi niliujibu kwa video ya siku ya kukabidhi, chumba hadi chumba, makabati yakiwa wazi.

Kisha hesabu, bila maneno mengi: 24,000 kutoa 1,150 kutoa 1,500 ni 21,350. Nilitaja siku 14, nikataja tarehe yenyewe ya mwisho, nikaweka namba yangu ya M-Pesa. Nikaongeza kwamba wasipolipa nitapeleka dai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Usitishe polisi wala kuwaanika mtandaoni. Tishio usiloweza kulitimiza linaidhoofisha barua nzima.

Nilituma kwa barua pepe, kisha nikapeleka nakala mbili ofisini kwa ajenti. Moja ilibaki, ya pili nikagongewa muhuri wa kupokea wenye tarehe. Muhuri huo ndio ushahidi kwamba waliambiwa.

Ajenti alinipigia simu akitaka tumalizane kwa nusu. Nilimwomba aandike, na aeleze nusu hiyo imetokana na kato lipi. Hakuandika. Baadaye 12,000 ziliingia kwa simu bila maelezo yoyote. Hapa ndipo wengi hunyamaza, na kunyamaza kunaweza kuchukuliwa kuwa mmekubaliana. Siku hiyohiyo niliandika: "Nimepokea 12,000 kama sehemu ya malipo. Zimebaki 9,350, na tarehe ya mwisho haijabadilika." Zilizobaki zililipwa kabla ya tarehe hiyo.