Chati imegoma na bodi inaingia saa nne

"Wakuu niko fildi, nimeachiwa slaidi za bodi, kikao kimebaki lisaa limoja. Nikitaka kubadilisha namba kwenye chati inaniletea `The linked file isn't available`. Nifanyeje?"

Dogo, hiyo ilinikuta Dar nikiwa fildi, saa tatu asubuhi hivyo hivyo, bosi wa fedha kanisimamia kichwani anataka namba moja irekebishwe slaidi ya 9 na mi naona meseji hiyo tu. Maana yake chati haina data yake, imeungwa na Excel iliyobaki kwenye laptop ya mtu, na mwenye laptop yetu alikuwa kwenye ndege anaenda Mwanza, simu haipatikani.

Kilichoniokoa: hata Excel ikipotea, pawapointi inabaki na kopi ya namba ilizochora. Nikakopi faili kwanza (ya bosi usiiguse), kopi nikaibadilisha jina kutoka `.pptx` kwenda `.zip`, nikaextract, nikaingia `ppt/charts`. Humo kuna chart1.xml, chart2.xml na kuendelea, ila usidhani chart9 ndo slaidi ya 9, hazifuatani kabisa, mi niliburuta moja moja kwenye Chrome naangalia vichwa vya chati hadi nikaipata. Namba zinakaa hivi:

```xml
<c:pt idx="11"><c:v>398</c:v></c:pt>
```

Kuhesabu kunaanzia 0, kwa hiyo 11 ni mwezi wa 12. Na majina ya miezi nayo yako ndani ya `<c:v>`, nusura niyakopi kama namba kwa kiherehere. Nikachora chati mpya Insert > Chart, nikajaza 12 zangu kwa mkono, dakika kama ishirini hivi.

Sasa hapa ndo pa kuangalia. Kopi ile ni ya mara ya mwisho chati ilipoapdeti, inaweza kuwa ya zamani. Nilichukua kabrasha lililokwishatumwa kwa wajumbe nikalinganisha mwezi kwa mwezi, kumi na moja sawa, Desemba kabrasha linasema milioni 412 na mi nina 398. Jasho! Ningeweza kuandika 412 nikanyamaza, lakini we ni fildi, namba ya bodi siyo yako kuamua. Nikamfuata bosi na karatasi mbili mkononi, nikamwambia hii inasema hivi na hii vile. Akacheka kidogo, kumbe namba aliyokuwa anataka irekebishwe tangu asubuhi ndo hiyo hiyo ya Desemba, 412 ndo iliyopita kwa mkaguzi.

Saa nne kasoro dakika sita slaidi zikawa ukutani. Jamaa wa Mwanza alipiga saa tano, anauliza kama kuna aliyemtafuta.