Kugeuza mhadhara wa mbinu za utafiti kuwa mti wa maamuzi: mfano wa mahindi ya Chamwino

Swali: "Habari za humu ndani. Nimemaliza somo la mbinu za utafiti hapa Dodoma na nina slaidi nyingi zenye majina ya miundo na aina za sampuli, lakini nikikaa kuandika pendekezo sijui nichague ipi. Nataka kuchunguza uhifadhi wa mahindi na sumukuvu wilayani Chamwino. Inawezekana kuugeuza mhadhara wote kuwa mti wa maamuzi?"

Ndugu mleta uzi, inawezekana, na ni kazi ambayo nimekuwa nikiifanya na wanafunzi wa uzamili wa hapa mjini. Mhadhara hupangwa kwa majina: jina la mbinu, maana yake, faida zake na hasara zake. Mti hupangwa kwa maswali, na majina hukaa mwishoni kabisa kwenye majani. Kwa hiyo pitia slaidi zako, weka kando faida na hasara, na kwa kila mbinu uandike sharti ambalo lisipotimia mbinu hiyo haiwezekani. Sampuli nasibu rahisi, kwa mfano, inadai orodha ambamo kila mhusika yumo, tena mara moja tu. Sharti hilo ukiligeuza linakuwa swali: je, ninayo orodha hiyo, au naweza kuitengeneza kabla ya kuanza kuhoji?

Wengi huanza mti kwa kuuliza kama utafiti ni wa idadi au wa maelezo. Mimi siliweki swali hilo juu, kwa kuwa mwanafunzi hulijibu kwa mapenzi yake. Ninaanza na sentensi ambayo anataka kuiandika kwenye sura ya matokeo. Akitaka kusema "asilimia fulani ya kaya za Chamwino", huo ni mkono mmoja. Akitaka kusema "jambo hili linasababisha lile", ni mwingine. Akitaka kueleza jinsi watu wanavyoamua na kwa nini, ni wa tatu. Mkono wa tatu hauhitaji hesabu ya sampuli. Unahitaji watu walioteuliwa kwa sababu wanalijua jambo, na kama ni watu waliojificha wasioweza kuorodheshwa, mmoja akuelekeze kwa mwingine.

Mkono wa pili ndio wenye matawi mengi, na mada yako imekaa hapo. Swali lake la kwanza ni hili: je, ni wewe unayeamua nani apate kitu kinachochunguzwa? Kama utagawa mifuko isiyopitisha hewa kwa baadhi ya kaya kwa bahati nasibu, hilo ni jaribio. Kama kaya zilishajiamulia zenyewe, uliza sasa kama tokeo unalolitafuta ni nadra. Mwaka 2016, watu walipougua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wachunguzi walilinganisha kaya zenye wagonjwa na kaya zisizo na wagonjwa. Tawi hilo lilifaa, kwa sababu ukihoji kaya za wilaya nzima bila mpangilio huo unaweza usimkute mgonjwa hata mmoja. Sharti lake ni kwamba kaya linganishi zitoke katika jamii ileile, yaani kaya ambazo zingepata mgonjwa zingeingia kwenye orodha yako.

Wewe hutafuti wagonjwa, unapima sumu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa, nayo si jambo nadra kiasi hicho. Linabaki swali ambalo mihadhara mingi hulipitia haraka: je, utajua kipi kilitangulia? Kuvu wanaotoa sumukuvu wanaweza kuanza shambani mvua ikikatika mapema, kisha wakaendelea ghalani kama mahindi hayakukauka vizuri. Ukienda Chamwino mara moja tu mwezi Novemba, ukapima mahindi na kuuliza yamehifadhiwaje, hutaweza kutenganisha sumu iliyotoka shambani na ile iliyoongezeka ghalani. Ukitaka kusema kwamba namna ya kuhifadhi ndiyo inayoongeza sumu, pima baada ya mavuno, Juni au Julai, kisha urudi kwenye kaya zilezile. Huo ni utafiti wa kufuatilia. Kama huna fedha za safari mbili na vipimo mara mbili, rudi juu ya mti ubadili sentensi yako: sema ni kaya kiasi gani zina mahindi yaliyozidi kiwango, wala usitaje sababu. Ni uamuzi wa heshima kabisa, na wasimamizi wengi wataupokea.

Tuseme umechagua huo wa kupima mara moja. Sasa tu ndipo unaingia upande wa sampuli, kwa sababu muundo ndio unaofungua au kufunga matawi ya sampuli. Orodha ya kaya zote za wilaya hutaipata mahali pamoja, lakini orodha ya vijiji ipo, na kila kijiji kina rejista ya kaya kwa mtendaji. Jibu hilo linakupeleka kwenye sampuli ya hatua mbili: vijiji kwanza, kaya baadaye. Panga vijiji pamoja na idadi ya kaya zake, jumlisha idadi hizo moja juu ya nyingine, kisha uchague kwa kuruka idadi ileile kila mara kuanzia namba ya bahati nasibu, ili kijiji kikubwa kiwe na uwezekano mkubwa zaidi wa kuchaguliwa. Halafu chukua idadi ileile ya kaya kila kijiji. Hapo kaya zote zinakuwa na nafasi inayokaribia kulingana, ilimradi idadi ulizotumia hazijapitwa na wakati. Ili kuipima rejista, chagua majina machache ya kitongoji kimoja na umuulize mwenyekiti wake kama kaya hizo bado zipo. Wengi wakiwa wamehama, orodhesha upya vitongoji utakavyovitumia.

Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Fomula ya Yamane ya ukubwa wa sampuli, ambayo karibu kila pendekezo ninalolisoma linaitumia, inachukulia sampuli nasibu rahisi. Kaya za kijiji kimoja hupata mvua ileile na hununua mbegu dukani pamoja, hivyo zinafanana, na kaya 20 za kijiji kimoja hazikupi taarifa ya kaya 20. Marekebisho yake ni haya:

```
n = 1.96^2 * p * (1-p) / d^2
kizidisho = 1 + (m-1) * rho
```

Herufi p ni sehemu ya kaya unayotarajia iwe na tokeo, d ni ukingo wa kosa unaoukubali, m ni kaya kwa kijiji, na rho ni kiasi cha kufanana kwa kaya za kijiji kimoja. Idadi ya kaya unayohitaji ni n mara kizidisho. Tuchukulie p ni 0.5, d ni 0.05 na rho ni 0.05. Sampuli rahisi inatoa takriban 384. Ukichukua kaya 20 kila kijiji, kizidisho ni 1.95 na unahitaji kaya 749 katika vijiji 38. Ukichukua 10, kizidisho ni 1.45: kaya 557 katika vijiji 56, yaani vipimo vichache lakini safari nyingi. Ukikubali d ya 0.07 pamoja na kaya 10 kwa kijiji, unashuka hadi kaya 285 katika vijiji 29. Kwa mwanafunzi anayelipia vipimo vya maabara mwenyewe, ningechagua hii ya mwisho na kuiandika wazi kwenye pendekezo.

Kwenye kila jani la mti, chini ya jina la mbinu, andika pia sentensi ambayo jani hilo linaikataza. Jani la sampuli ya waliopatikana kirahisi, mathalani wauza mahindi uliowakuta sokoni, linakataza asilimia yoyote ya wilaya. Jani lako linakataza neno "husababisha".

Mti ukikamilika, mpe mwenzako mada tatu au nne za watu wengine azipitishe bila wewe kumweleza lolote, nawe uzipitishe kivyako. Mkifika kwenye majani tofauti, tafuteni swali mlilojibu tofauti. Mara nyingi ni swali lenye neno kama "kubwa", "nadra" au "rahisi" lisilo na kipimo. Liandikeni upya kwa kitu kinachoweza kuonekana, kama vile rejista iliyopo mkononi au idadi ya wagonjwa walioandikishwa zahanati mwaka uliopita.