Timu ya watu kumi na wawili ambayo sikuwahi kuiongoza

Swali lililonimaliza kwenye usaili wangu wa kwanza wa ufadhili wa masomo lilikuwa jepesi. Mmoja wa wasaili alikuwa na insha yangu mkononi. Akasoma sentensi moja kwa sauti, kisha akaniuliza: "Umeandika kwamba uliongoza timu ya watu kumi na wawili. Hebu tueleze ugomvi mmoja uliowahi kutokea ndani ya timu hiyo, na mliumalizaje."

Hapakuwa na timu ya watu kumi na wawili. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mmoja, tukiingiza kumbukumbu za kliniki kwenye kompyuta. Hao kumi na wawili walitoka kwenye insha ya mfano niliyoipata mtandaoni, ambayo juu yake palikuwa na maneno "insha iliyokubaliwa".

Sikukusudia kudanganya, na hilo ndilo ninalotaka mlielewe, maana watu wengi hudhani kosa ni kunakili neno kwa neno tu. Mimi sikunakili neno kwa neno. Niliifungua ile insha upande mmoja wa skrini, yangu upande wa pili, nikawa naandika aya moja moja nikiifuata. Yeye aya ya pili alieleza uongozi, basi na mimi nikatafuta uongozi. Nilipokosa, "tulifanya" ikageuka "niliratibu", "niliratibu" ikageuka "niliongoza", na ile nafasi iliyosubiri namba ikapata namba yake. Kiolezo kina mashimo yaliyochimbwa kwa kipimo cha maisha ya mtu mwingine. Ukikosa cha kufukia, unaanza kujipanua.

Kuna hasara nyingine ambayo hutaiona ukiwa umekaa peke yako na insha yako. Mwaka 2007, UCAS, chombo kinachopokea maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, kilichunguza maelezo binafsi ya waombaji 50,000 kwa programu ya kulinganisha maandishi. Waombaji 234 walikuwa wamesimulia kisa kilekile: kwamba walipokuwa na umri wa miaka minane walijiunguza pajama wakichezea vifaa vya kemia. Kisa hicho kilikuwa kwenye mfano uliokuwa mtandaoni. Bila shaka kila mmoja wao, alipokiona, alikiona kitamu. Tatizo ni kwamba utamu wenyewe ndio uliowavuta wote 234.

Programu za namna hiyo hulinganisha insha yako na maandishi ya mtandaoni pamoja na maombi yaliyokwisha kutumwa huko nyuma. Kwa hiyo hata mfano ukifutwa kwenye tovuti, waliounakili kabla yako wameshauweka kwenye kumbukumbu. Wapo wanaodhani dawa ni kubadilisha maneno: "shauku" iwe "hamu", "changamoto" iwe "kikwazo". Huenda mashine ikapitwa, lakini msomaji wa maombi ana barua ya mwalimu wako pia. Barua inasema wewe ni mtu wa kimya, mwenye kufuatilia mambo hadi mwisho, halafu insha inapiga kelele kama ya mgombea wa kura. Hapo hakuna haja ya mashine.

Na hilo neno "iliyokubaliwa" lisikubabaishe. Aliyekubaliwa ni mtu na faili lake zima: alama, barua za walimu, labda usaili mzuri. Insha yake yawezekana ilikuwa ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, wakamchukua hivyo hivyo. Wewe umeonyeshwa karatasi moja tu.

Sasa, mwaka uliofuata niliomba tena, na mifano niliisoma tena. Sioni sababu ya kumwambia mtu asiisome, hasa kama hajawahi kuona insha ya namna hii. Ila safari hii niliisoma nikiwa na kalamu. Nilichukua mifano mitatu, yote ikijibu swali linalofanana na la kwangu, kwa sababu mfano mmoja unakuteka. Mitatu inaanza kupingana. Pembeni mwa kila aya niliandika kazi ambayo aya inafanya, bila kugusa inachosema. "Anatuweka mahali." "Anaonyesha tatizo alilolikuta." "Anakiri alipokosea." "Anaeleza kwa nini kozi hii na si nyingine." Kisha nikapiga mstari chini ya kila kitu ambacho mwandishi peke yake angeweza kukijua.

Hapo nikagundua jambo. Mifano miwili kati ya ile mitatu haikuwa na mstari hata mmoja katika aya ya kwanza. "Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kuisaidia jamii." Nani hawezi kuiweka sahihi yake chini ya sentensi hiyo? Ule wa tatu, ambao lugha yake ilikuwa ya kawaida tu, ulikuwa na mistari tele.

Nikaifunga mifano yote, nikabaki na zile kazi za pembeni tu. Siku hiyo sikuandika insha. Niliorodhesha matukio kumi yaliyonipata mimi, kila tukio likiwa na kitu kinachoshikika: namba, chombo, muda, au maneno ambayo mtu aliyasema. Mengi yalikuwa ya hovyo. Moja lilikuwa hili: kwenye zile kadi za kliniki, uzito wa watoto wachanga uliandikwa wakati mwingine kwa kilo, wakati mwingine kwa gramu, na kompyuta ilipokea yote bila kulalamika. Mtoto mmoja 3.2, anayefuata 3200. Wastani wa uzito uliotoka ulikuwa wa ndama.

Mwaka wa kwanza tukio hilo sikuligusa, kwa kuwa mfano wangu haukuwa na nafasi ya mtu aliyekaa na kadi. Safari hii likawa ufunguzi: "Wiki mbili nilizitumia kurudia kadi 600, kwa sababu safu moja ya uzito ilikuwa na vizio viwili." Halafu nikaeleza kwamba 3200 si shida, inajionyesha. Shida ilikuwa 32, mahali ambapo nukta imesahaulika, na pia 2.3 iliyotakiwa kuwa 3.2. Nikakiri kwamba kadi za mwanzo nilizisahihisha kwa kubahatisha, ikanilazimu kuzirudia. Aya ya kueleza kwa nini nataka kusoma takwimu za afya ilikuja yenyewe baada ya hapo, sikuitafuta.

Nilipomaliza nilimpa dada yangu asome. Sikumuuliza kama ni nzuri, maana ndugu atakwambia nzuri. Nilimwomba aweke alama kila mahali ambapo haoni kama ni mimi ninayesema. Aliweka alama nne. Tatu kati ya hizo, nilipofungua tena ile mifano, zilikuwa sentensi zilizojipenyeza kutoka humo bila mimi kujua; akili inaficha vitu. Nikazifuta. Ya nne nilibishana naye, nikaiacha.

Kwenye usaili waliniuliza nilijuaje kwamba 2.3 ni kosa na si mtoto mdogo kweli. Nikawaambia jibu lilikuwa kwenye kadi yenyewe, mstari wa juu: mwezi uliotangulia mtoto huyo alikuwa na 3.0, na aliyeandika hakuweka neno lolote la ugonjwa. Nikaeleza na zile kadi ambazo hazikuwa na mstari wa juu, tulizifanyaje. Nilikuwa nimeanza kuchora jedwali hewani kwa kidole mwenyekiti aliponikumbusha kwamba muda umekwisha.