Mchele wa kuvusha Manyovu

"Nina magunia 6 ya mchele niliolima mwenyewe, nataka kuuza Burundi kupitia Manyovu. Wakala anasema bila yeye sivuki. Ni kweli?"

Dada, si kweli. Mzigo usiozidi dola 2,000, uliozalishwa Afrika Mashariki na uliomo kwenye orodha ya pamoja ya bidhaa iliyokubaliwa na nchi za Jumuiya, hauhitaji wakala. Mwombe ofisa forodha pale mpakani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Ukishagongewa muhuri, ushuru wa forodha hulipi, ila kodi za ndani ziko palepale. Wengi tunakwama kwenye cheti cha afya ya mimea. Kichukue kabla hujapakia. Mimi nilikwenda bila hicho, nikalala na mzigo siku mbili chini ya turubai, magunia ya chini yakaloa. Na asiyekupa stakabadhi, usimpe hela.