Orodha Moja, Awamu Mbili: Namna Tunavyopokea Maoni ya Mteja Kuhusu Rasimu ya Video

Mteja akishatumiwa rasimu ya kwanza ya video, maoni yake hayafiki kwa njia moja. Meneja huandika barua pepe, afisa masoko hutuma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, mwenyekiti hupiga simu jioni, na kila mmoja huamini kwamba alilosema limeshawafikia wenzake. Mhariri akianza kufanyia kazi ujumbe wa kwanza kabla wa pili haujaja, hukata sehemu ambayo kesho yake ataombwa airudishe. Ndiyo maana katika studio yetu ndogo hapa Dar es Salaam hatugusi mradi mpaka maoni yote yawe kwenye orodha moja, na mtu mmoja wa upande wa mteja awe ameifunga kwa maandishi. Awamu ya marekebisho huhesabiwa kuanzia hapo, wala si kuanzia simu ya kwanza.

Mtu huyo huteuliwa siku ya kusaini mkataba. Tunamwomba mteja atutajie watu wawili: atakayekusanya maoni, na mwenye kauli ya mwisho. Mara nyingi hao ni watu tofauti, na swali la pili ndilo lenye uzito zaidi. Mkurugenzi asiyeiona rasimu ya kwanza huiona video siku moja kabla ya hafla, na neno lake moja hufuta yote yaliyokubaliwa na walio chini yake. Kwa hiyo mkataba wetu unasema wazi kwamba mwenye kauli ya mwisho lazima aitazame rasimu ya kwanza, hata kama hana la kusema.

Rasimu yenyewe huandaliwa ili iwe rahisi kutolewa maoni. Tunaweka muda unaosomeka juu ya picha, pamoja na alama ya toleo, kama R1 au R2. Kwenye DaVinci Resolve kazi hiyo hufanywa na `Data Burn-In`, na kwenye Premiere Pro kuna efekti iitwayo `Timecode`. Anayetumia Resolve akumbuke kwamba kwa kawaida programu hiyo huanza kuhesabu kwenye 01:00:00:00, na mteja akiona saa moja kwenye video ya dakika nne huchanganyikiwa. Ni vyema mwanzo ubadilishwe uwe 00:00:00:00. Alama ya toleo nayo ni ya lazima, kwa sababu tukipunguza sekunde 20 mwanzoni, kilichokuwa 02:40 kwenye R1 kinakuwa 02:20 kwenye R2, na maoni yasiyotaja toleo humpeleka mhariri mahali pasipohusika. Faili hutumwa kwa kiungo cha Google Drive, maana WhatsApp hubana video inayotumwa kama video ya kawaida, na mteja huanza kulalamikia ukungu ambao haumo kwenye kazi.

Orodha ni jedwali la Google Sheets lenye safu chache: namba, muda, maneno ya mteja kama alivyoyasema, aliyeyasema, tutakachofanya, na hali ya utekelezaji. Safu ya tatu na ya tano hazipaswi kuunganishwa. Mteja husema anachohisi, au hupendekeza dawa kabla ya kueleza ugonjwa, na kazi yetu ni kuuliza mpaka tujue kinachomsumbua. Akiandika “ongezeni muziki hapa”, huenda tatizo lake ni ukimya mrefu baina ya wasemaji wawili, nao huondoka kwa kukata sekunde tatu bila kugusa muziki. Maneno yake yakibaki jinsi yalivyo, ataweza kupima mwenyewe kama tumemwelewa.

Nichukue mfano wa video ya dakika nne tuliyomtengenezea mteja mmoja, chama cha akiba na mikopo, kwa ajili ya mkutano mkuu wa mwaka. Meneja aliandika kwamba video ifunguliwe na jengo jipya la ofisi. Mwenyekiti, kwa simu, alisema salamu zake ndizo zitangulie. Maoni hayo mawili yaliingia kwenye mstari mmoja, yakiwa na majina ya waliosema, na mstari ukarudishwa kwa afisa masoko, ambaye ndiye aliyekuwa akikusanya. Hatukuchagua upande. Mhariri akiamua mgongano wa wakubwa wa mteja, atakayeshindwa ataurudisha kwenye awamu inayofuata, safari hii akiwa na kinyongo. Siku iliyofuata afisa masoko alileta jibu walilokubaliana: salamu zianze, zifupishwe, na jengo lionekane huku sauti ya mwenyekiti ikisikika.

Mstari mwingine ulisema tu, “katikati panachosha”. Tulimpigia simu aliyesema, tukamwomba ataje dakika, akataja 01:50 hadi 02:25, mahali mweka hazina alipokuwa akisoma takwimu moja baada ya nyingine. Basi safu ya tano ikaandikwa: zibaki takwimu mbili kwa sauti, nyingine zitokee kama maandishi kwenye skrini. Jina la mwanachama lililoandikwa vibaya lilikuwa kosa letu, na makosa yetu husahihishwa wakati wowote bila kuhesabiwa awamu. Ombi la kuongeza mahojiano na mwanachama wa Kibaha halikuwa marekebisho, kwa kuwa lilihitaji siku nyingine ya kupiga picha. Tuliliandika chini ya jedwali pamoja na makadirio ya gharama, nao wakaliacha.

Bei yetu hubeba awamu mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni ya mpangilio, maneno na urefu. Tunapotuma R1 tunaeleza kwa maandishi kwamba rangi hazijarekebishwa, sauti haijasawazishwa, na muziki ni wa kushikilia nafasi tu, ili mteja asitumie nguvu zake huko. Mpangilio lazima utangulie kwa sababu sentensi moja ya msimulizi ikiondolewa, muziki hupoteza mahali pake pa kupanda na maandishi ya chini yote yanayofuata husogea. Kazi ya rangi na sauti ikifanywa mapema, sehemu yake hurudiwa kila kitu kinaposogea.

Awamu ya pili ni ya kukagua orodha ya kwanza mstari kwa mstari, pamoja na rangi, sauti na maandishi. Mteja akifungua upya mpangilio hapo, au akitaka awamu ya tatu, tunatoza kwa nusu siku ya uhariri, na bei hiyo imo kwenye mkataba tangu mwanzo. Ikisubiri mpaka ugomvi uzuke, huonekana kama adhabu. Kila awamu ina siku tatu za kazi za kukusanya maoni; maoni yanayokuja baada ya orodha kufungwa hayatupwi, huandikwa kwenye orodha ya awamu inayofuata, na mteja hujulishwa hivyo siku hiyohiyo.

Mpango huu hautoshi kama ulivyo pale mradi unapolipiwa na wafadhili. Shirika la hapa nchini huridhia, kisha ofisi ya mfadhili iliyo nje hutaka nembo yake ihamishwe au neno fulani kwenye simulizi libadilishwe, na mara nyingi inataka kusoma tafsiri kwanza. Kwa kazi za namna hiyo tunatuma tafsiri ya maneno yote pamoja na R1, tunatoa siku saba za kazi badala ya tatu, na anayekusanya maoni hafungi orodha mpaka jibu la mfadhili liwe limeingia humo.