Mwezi wa nne haumo angani

*"Mwalimu, shikamoo. Mnajimu amenisomea ramani yangu ya kuzaliwa akaniandikia: 'Mwezi wako ni wa nne, kwa hiyo usalama wako upo nyumbani.' Mimi nimezaliwa mwezi wa tisa. Amekosea hesabu au amekosea Kiswahili? Na je, 'nyumba ya Mwezi wangu' ni sawa?"*

Marahaba. Hesabu yake huenda ni sahihi kabisa. Kilichoharibika ni sentensi, tena imeharibika kwa herufi moja tu, na kosa hilo nimelisoma mara nyingi mno kulinyamazia.

Wanajimu huigawa mbingu ya saa uliyozaliwa katika sehemu kumi na mbili, na kila sehemu huiita nyumba. Nyumba zina namba, ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Mwezi hauna namba, kwa sababu dunia yetu ina Mwezi mmoja. Basi neno "nne" katika habari hii ni mali ya nyumba, na Kiswahili kimekwisha kutupa njia ya kuonyesha mwenye mali: nyumba *ya* nne. Ukiandika "wa nne", umeichukua namba kwenye nyumba ukaibandika Mwezi, na hapo hakuna msomaji atakayeona anga. Ataona kalenda. Mwezi wa nne ni Aprili.

Wala si Aprili peke yake. Mjamzito akiulizwa mimba imefika wapi hujibu, "Mwezi wangu ni wa nne." Mfanyakazi asiyelipwa hulalamika, "Huu ni mwezi wa nne sijaona mshahara." Wote wawili wamesema Kiswahili safi na wote wameeleweka papo hapo. Sentensi ya mnajimu wako imeingia katika kiti kilichokwisha kukaliwa na watu watatu, kisha inategemea msomaji atambue kwamba wa nne huyu amekuja na habari za sayari. Wewe hukutambua, na haki ilikuwa yako.

Najua utetezi unaotolewa. Wengine husema herufi kubwa yatosha: "mwezi" ni siku thelathini, "Mwezi" ni ule wa angani. Naiunga mkono herufi kubwa na ninaitumia hapa, lakini herufi kubwa huonwa kwa jicho, sikio halina habari nayo, na usomaji mwingi wa ramani hufanywa kwa mdomo. Wengine wamekimbilia "mbalamwezi" wakidhani wamepata jina lisilo na utata. Mbalamwezi ni mwanga. Mwanga hauingii katika nyumba ya nne wala ya tano. Humwagika juu ya paa zote.

Utata wenyewe ni mkongwe na hauna dosari. Lugha nyingi za Kibantu hutumia neno hili moja kwa kitu kile cha angani na kwa muda unaopimwa nacho, kwa kuwa wazee waliuhesabu muda kwa kukitazama. Sitaki neno libadilishwe. Nataka namba irudi kwa mwenyewe.

Sarufi inatupa zana nzuri zaidi, ambayo waandishi wa unajimu wameiacha ishike kutu: -mo. Tunazo -po, -ko na -mo. Ya mwisho ni ya ndani ya kitu chenye mipaka, na nyumba ina mipaka. Sema "Mwezi wako *umo* katika nyumba ya nne." Umeona utata ulivyokimbia? Aprili haiwezi "kumo". Mimba haiwezi "kumo" katika nyumba ya nne. Neno lenye silabi mbili limefanya kazi iliyoishinda aya nzima. "Uko katika nyumba ya nne" nitaivumilia, maana -ko hubeba mengi. "Ni wa nne" sitaivumilia.

Sasa "nyumba ya Mwezi wangu". Hapa kosa ni zito zaidi, kwa sababu maneno hayo yana maana yake kamili katika elimu hiyo, na siyo unayoikusudia. Tangu zamani za Wagiriki, kila sayari ilipewa buruji ya kuimiliki, yaani moja au mbili kati ya sehemu kumi na mbili za njia ya Jua angani, na Mwezi, unaohesabiwa miongoni mwa sayari katika elimu hii, ulipewa moja tu: Kaa. Kaa ndiyo nyumba *ya* Mwezi, kwa maana ya umiliki, na Mwezi ukipita hapo husemwa umo nyumbani mwake. Hiyo ni kweli kwa kila mtu, bila kujali alizaliwa lini. Unachotaka wewe ni nyumba *ulimo* Mwezi siku yako na saa yako, na hiyo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Mwenye nyumba na aliyemo ndani ya nyumba ni watu wawili; mpangaji yeyote analijua hilo.

Vurugu ziliongezeka pale wanajimu wa siku hizi walipoanza kuzilinganisha buruji na nyumba kwa mpangilio wa namba: buruji ya kwanza, Punda, na nyumba ya kwanza, buruji ya nne, Kaa, na nyumba ya nne. Kwa mkato huo Mwezi, Kaa, namba nne na nyumbani vikafungwa mzigo mmoja, na leo unasoma "Mwezi katika nyumba ya Kaa" bila kujua mwandishi anasema buruji au nyumba. Neno "buruji" tunalo, kutoka Kiarabu, kwa maana ya mnara au ngome. Kwa nini lisitumike? Hata "nyumba" ni tafsiri tu: Wagiriki waliziita sehemu hizi "mahali", Waarabu wakaziita *bayt*, nyumba, neno lilelile lililotupatia beti za shairi. Yatosha kwa asili ya maneno.

Tofauti ya buruji na nyumba si ya kisarufi tu, ndiyo inayobadilisha usomaji wote. Chukua mfano wako mwenyewe, nami nitaujazia nisichokijua. Tuseme ulizaliwa mwezi wa tisa, Jua likiwa katika buruji ya Mashuke, siku ya mwezi mpevu. Mwezi mpevu huwa umelikabili Jua, kwa hiyo ulikuwa katika Samaki, buruji iliyo mkabala na Mashuke. Mwezi hukaa katika buruji moja kama siku mbili na nusu, hivyo karibu wote waliozaliwa siku ile wana Mwezi katika Samaki. Nyumba lakini huzunguka zote kumi na mbili kwa saa ishirini na nne, karibu saa mbili kwa kila moja.

Kama ulizaliwa saa sita mchana, buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki ilikuwa takriban Mshale. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza. Hesabu kwa vidole: Mshale moja, Mbuzi mbili, Ndoo tatu, Samaki nne. Mwezi wako umo katika nyumba ya nne, ambayo iko chini kabisa ya ramani, chini ya miguu yako, upande wa dunia usiouona. Aliyezaliwa saa sita usiku uliofuata alichomozewa na Mapacha. Mwezi umesogea nyuzi sita hivi na bado umo katika Samaki, lakini sasa hesabu kutoka Mapacha na Samaki inakuwa ya kumi: juu kabisa, utosini, mahali ambapo mwezi mpevu wa usiku wa manane huonwa na kila mtu.

Na usomaji unafuata picha hiyo. Kwa mujibu wa wanajimu, Mwezi huonyesha kinachomtuliza mtu, na nyumba huonyesha atakipata wapi. Mwenye Mwezi katika nyumba ya nne hutulia palipo na faragha: chumba chake, watu wachache wa tangu utotoni, vitu vilivyozoea mkono wake. Akiumia hujifungia ndani, na anayempenda humtunza kwa kumwachia mlango wa kurudi. Mwenye Mwezi katika nyumba ya kumi hutulia kazi yake inapoonekana. Kwake kutunzwa ni kuaminiwa jukumu na kusikia aliowaheshimu wakimkubali. Ukimwambia "pumzika nyumbani, sisi tutashughulikia", umemnyang'anya tulizo ukidhani unampa. Buruji ni moja, siku ni moja, na ushauri unaomfaa mmoja unamchoma mwingine. Sayansi haijathibitisha uhusiano wowote wa aina hii, nami sishuhudii kwamba anga humfanya mtu kuwa hivyo. Nasema kwamba mwenye kuamini elimu hii anastahili kuambiwa kile inachokisema hasa, na "Mwezi wako ni wa nne" haimwambii.

Hesabu hiyo ina mipaka yake pia. Buruji inayochomoza husogea nyuzi moja kila dakika nne hivi, kwa hiyo aliyeambiwa tu "ulizaliwa asubuhi" hawezi kupewa nyumba kwa uhakika. Nami nimehesabu kwa njia ya kale, buruji nzima ni nyumba nzima. Wapo wanaozigawa nyumba kwa njia nyingine, na kwao Mwezi ulio karibu na mpaka unaweza kuangukia nyumba ya jirani. Muulize mnajimu wako saa aliyoitumia na njia aliyoifuata.

Limebaki neno "usalama", ambalo kwangu ni baridi mno kwa habari hii. Usalama ni kutokuwapo kwa hatari. Nyumba yenye kufuli tatu na mlinzi ina usalama, na mtu anaweza kukesha ndani yake akilia. Mwezi katika ramani hausemi habari za kufuli. Unasema habari za kutulia, kitenzi tulichonacho na tunachokiacha ili tuandike "kujisikia salama kihisia", maneno matatu yasiyofikia joto la moja. Kwa upande wa pili, "kutunzwa" ni bora kuliko "kujaliwa", maana aliyejaliwa huweza kuwa mtu anayejaliwa na wenzake au mtu aliyejaliwa na Mungu mali na watoto, na sikio haliwezi kuwatenga.

Mnajimu wako, basi, angeandika hivi: "Ulipozaliwa, Mwezi ulikuwamo katika nyumba ya nne, nawe hutulia ukiwa nyumbani, na hujiona umetunzwa unapoachiwa faragha yako." Na wewe, unapozungumzia ramani yako, sema "nyumba ulimo Mwezi wangu". Ukisema "nyumba ya Mwezi", nitakujibu Kaa, hata kama ulizaliwa saa sita mchana.