Kabla ulaumu mgongo, pima kwanza ukubwa wa weiti

Kama umeanza jimu juzi tu na leo asubuhi umeshindwa kuinama uvae soksi, kaa hapa kidogo. Mimi ilinipata wiki ya saba, jimu moja ya mtaa huku Roysambu, na kila mwezi naona mtu mpya akipita njia ile ile.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kupiga skwoti, miguu imeshalegea, nikaenda dedilifti kilo 70. Chuma chenyewe 20, halafu kila upande weiti mbili za kilo kumi, na nyingine moja ya kilo tano. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa kwa 50, kwa hivyo hata haraka yenyewe ilikuwa makosa. Seti ya mwisho, nikinyanyua mara ya tatu, nikaskia kitu kimenishika mgongo huku chini upande wa kulia, si mlio, ni kama mtu amenifinya na mkono. Nikamalizia zile mbili zilizobaki, ujinga wa kuogopa kuonekana mnyonge. Nikirudi nyumbani, kila bampu matatu iliruka niliijua.

Sasa kabla ya mambo ya fomu, jiangalie kwanza. Misuli iliyochoka inauma pande zote mbili, kama kidonda kikiguswa, na ukitembea inalegea. Hiyo ni kawaida. Ikiuma mahali pamoja na inakukata ukiinama kama ilivyonishika, basi umeizidishia kazi, na mara nyingi hiyo hupoa ndani ya wiki chache. Lakini ukiskia ganzi pale unapokalia au sehemu za siri, mkojo umekataa kutoka ama unatoka bila kujua, ama mguu umekosa nguvu unaukokota, enda hospitali usiku huo huo, usingoje Jumatatu. Maumivu yakishuka mguuni kupita goti, ama yakija na homa, ama yalianza baada ya kuanguka, muone daktari kabla urudi kushika chuma chochote.

Mimi sikuwa na hayo. Siku tatu nikatembea tu, dakika kumi na tano hivi mara tatu kwa siku, mpaka stejini na kurudi. Kulala kitandani kutwa nzima nilijaribu siku ya kwanza na nikaamka kama mbao, kwa hivyo hiyo achana nayo. Na dawa ya maumivu isiwe ya kukuwezesha kwenda kunyanyua, maana utakuwa umezima king'ora na moto bado unawaka.

Kilichonifungua macho ni video. Jamaa alikuwa amenirekodi kwa simu, kwa bahati nzuri kutoka ubavuni, na ubavuni ndiko pa kurekodiwa, mbele haionyeshi kitu. Nikaicheza polepole. Kitu cha kwanza, matako yanapanda na chuma bado kiko chini, yaani miguu imeshanyooka bila kunyanyua chochote, kazi yote imeachiwa mgongo. Pili, chuma kiko mbele juu ya vidole vya miguu, kimeachana na ugoko karibu upana wa kiganja. Baba mmoja wa mjengo anayefanyanga tizi hapo jioni, mtu wa kubeba mifuko ya simiti ya kilo 50 mchana kutwa, akaangalia akaniambia, "Kijana, wewe unang'oa kisiki."

Ukitaka kuelewa kwa nini hicho kiganja kimoja ni kitu kikubwa, chukua mtungi wa maji wa lita 20. Ushike ukigusa mapaja, unatembea nao sawa. Sasa jaribu kuusukuma mbele na mikono hata kidogo tu uone mgongo unavyolia. Mtungi ni ule ule, kilo 20 zile zile, ni umbali tu umeongezeka. Na chuma ni hivyo hivyo.

Lakini swali lililonisumbua ni hili, mbona mgongo wangu ulikuwa umejipinda hata kabla sijavuta? Hapo ndio nikaenda na rula. Weiti kubwa za kawaida, zile za mashindano, zina upana wa sentimita 45, kwa hivyo chuma kinakaa sentimita 22 na nusu kutoka sakafuni. Zile zetu za kumi, za kuchomelewa na fundi wa jua kali, zilikuwa na upana wa 30. Gawa mara mbili, chuma kinakaa 15. Yaani nilikuwa naenda chini sentimita saba na nusu zaidi ya mtu wa kwenye video ninayemuiga, na nyonga zangu zikifika mwisho, mgongo ndio unamalizia safari kwa kujikunja. Hii hakuna mtu anakuambia ukilipa pesa ya mwezi pale mlangoni.

Kwa hivyo nilianza upya hivi. Wiki ya kwanza fimbo ya fagio tu: unaishika nyuma iguse kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa mkia, halafu unasukuma matako nyuma kama unafunga mlango wa gari na mikono imejaa, magoti yakikunjika kidogo tu. Fimbo ikiachana na pahali pamoja, hapo ndio mwisho wako, rudi juu. Mimi ilikuwa inaachana kwa mkia nikifika karibu na magoti, aibu tupu.

Wiki ya pili chuma kikarudi, kilo 30, lakini nimeweka vipande vya mbao chini ya weiti mpaka chuma kikae chini kidogo ya goti. Simama kikiwa juu ya fundo la kamba za viatu, si vidole. Inama ushike, leta ugoko uguse chuma bila kukisogeza, vuta pumzi ndani ya tumbo na ulikaze kama unangoja ngumi, halafu kivute kidogo mpaka uskie kimegusana na weiti, tik, ndio sasa usukume sakafu na miguu. Kipande kizima cha kupanda kinakwaruza suruali. Kama hakikwaruzi kimeshaenda mbele.

Seti tatu za mara sita, siku mbili kwa wiki, na skwoti nikazipeleka siku nyingine. Sheria yangu ilikuwa moja: maumivu kati ya sifuri na kumi yasipite tatu nikinyanyua, na kesho yake asubuhi soksi zivalike kama jana. Zikivalika, wiki inayofuata naongeza kilo tano ama natoa ubao mmoja, kimoja kati ya hivyo viwili, si vyote. Wiki ya nne nilifanya vyote kwa mpigo na asubuhi nikavaa sandali, nikarudi nyuma hatua moja. Kufika 70 tena ilichukua miezi mitatu kasoro kidogo.

Mbao za mwisho sijazitoa mpaka leo. Chuma changu kinaanzia sentimita 22 na nusu, na jimu yoyote mpya nikiingia natoa rula ya shule kwa begi napima weiti kwanza, vijana wanacheka. Shida ni mlinzi wa pale kwetu, zile mbao huzichukua kuzuia mlango usijifunge, kwa hivyo siku za dedilifti nafika mapema.